Deni la Dola na Hesabu Yake

Mwananchi aliyekopa dola na kulipa kwa shilingi hulalamika kwamba amelipa mwaka mzima, na deni bado limezidi. Lalamiko hilo linastahili kupimwa kwa kalamu kabla benki haijatupiwa lawama, kwani ndani yake mna mambo mawili yasiyofanana.

Tuchukue mfano wa mkopo wa dola 10,000. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300, basi deni lilikuwa kama shilingi 23,000,000. Tuseme mkopaji, mbali na riba, alikwisha kulipa dola 1,000 kufikia katikati ya 2024, dola ilipofika shilingi 2,600. Zilibaki dola 9,000, ambazo ni shilingi 23,400,000. Amelipa, na deni limepanda! Lakini hapo hakuna aliyemwibia. Shilingi ndiyo iliyoshuka. Mwishoni mwa mwaka huo, bei iliporudi karibu 2,400, dola zile zile 9,000 zikawa shilingi 21,600,000. Wazee wanaoukumbuka Juni 1986, dola ilipopandishwa kutoka karibu shilingi 17 hadi 40, hawatashangaa.

Jambo la pili ndilo tunalotaka lichunguzwe. Kupanda na kushuka kwa shilingi hakugusi hata senti moja ya salio la dola. Salio hilo huongezwa na riba na ada, na hupunguzwa na malipo. Kwa hiyo kosa la kubadilisha fedha litaonekana humo, wala si katika salio la shilingi.

Mkopaji na ashike risiti yake, achukue shilingi alizolipa, azigawe kwa bei ambayo benki iliuzia dola siku ile, kisha alinganishe na dola zilizoandikwa katika hesabu yake. Atumie bei ya kuuza, maana anayelipa deni hununua dola. Wastani unaotangazwa na Benki Kuu huwa chini kidogo ya bei hiyo. Faida yake ni kuonyesha kama benki imepita kiasi.

Mara nyingi tofauti hutokana na tarehe. Mtu akiweka shilingi 2,600,000 siku ya Ijumaa kwa bei ya 2,600, anatazamia dola 1,000. Benki ikizibadilisha Jumatatu kwa bei ya 2,650, atapata dola 981.13. Hizo 18.87 zilizopungua zitaendelea kutozwa riba hadi mwisho wa mkopo. Hapo hana budi kuusoma mkataba: unataja siku ya kupokea fedha, au siku ya kuzibadilisha?

Tunawaomba wakuu wanaosimamia mabenki waagize kila taarifa ya malipo ionyeshe tarehe zote mbili, bei iliyotumika, dola zilizopatikana, na sehemu iliyokwenda kwenye riba. Taarifa yenye jumla peke yake haimwezeshi mtu kuifanya hesabu hii.