Komamanga: Utando Mweupe na Mbegu Zake

Katika masoko ya Arusha, kama vile Soko Kuu, Kilombero na Tengeru, komamanga si tunda la kila siku kama ndizi au parachichi. Labda ndiyo sababu mtu anayelipasua kwa mara ya kwanza husita mbele ya mambo mawili. La kwanza ni ule utando mweupe unaotenganisha vyumba vya punje, ambao watu wengine husema una sumu. La pili ni mbegu ngumu iliyomo ndani ya kila punje: je, itemwe au imezwe? Maswali haya yanafaa kujibiwa kwa makini, kwa kuwa hofu iliyopo imeelekezwa mahali pasipo na hatari, na hatari ndogo iliyopo kwa kweli haitazamwi.

Tuanze na utando. Mtu akiutafuna, mara moja kinywa hukauka, na ulimi huhisi kana kwamba umesuguliwa kwa kitambaa. Mtoto yeyote wa Meru aliyewahi kuonja ndizi mbichi anaufahamu ukakasi huo. Husababishwa na tanini, jamii ya kemikali ambazo molekuli zake hushikamana na protini. Mate yetu yana protini zinazolainisha kinywa. Tanini inapozikamata, protini hizo huganda na ulaini hupotea. Kwa hiyo ukakasi si ladha hasa, bali ni mguso. Ni kitendo kile kile cha kikemia kinachotumika kugeuza ngozi mbichi ya ng'ombe kuwa ngozi isiyooza, na katika nchi za Mashariki ya Kati maganda ya komamanga yametumika kwa kazi hiyo tangu zamani.

Mwalimu mwenye maabara ndogo aweza kulionyesha jambo hili. Chukua gramu 10 za utando mweupe, katakata, chemsha katika mililita 100 za maji kwa dakika kumi, kisha chuja. Gawanya maji hayo katika neli mbili za majaribio. Katika neli ya kwanza tia matone machache ya myeyusho wa kloridi ya feri: rangi itageuka mara moja kuwa nyeusi yenye kuelekea buluu. Asiye na kloridi hiyo aloweke misumari ya chuma katika siki kwa siku mbili na atumie maji yake. Katika neli ya pili tia ute mweupe wa yai uliokorogwa na maji na kuchujwa. Utaona maji yakifanya ukungu, kisha vipande vyepesi vikizama. Hicho ndicho kinachotokea kinywani. Rudia majaribio kwa maji ya punje peke yake, yaliyokamuliwa polepole kwa kitambaa, nawe utaona ukungu ni hafifu zaidi.

Je, tanini hiyo hudhuru? Kwa kiasi kinachobaki kimeng'ang'ania punje, hapana. Molekuli kubwa za tanini ya komamanga hazipenyi kwa urahisi ukuta wa utumbo. Bakteria wa utumbo mpana huzivunjavunja kidogo kidogo. Hata maji ya komamanga yanayouzwa katika chupa mara nyingi hukamuliwa kutoka tunda zima, ganda na utando vikiwamo, na watu huyanywa bila dhara. Anayekula utando mwingi kwa makusudi aweza kupata kichefuchefu au kufunga choo. Tena tanini hushika madini ya chuma yaliyomo katika chakula, kama yafanyavyo majani ya chai, kwa hiyo mwenye upungufu wa damu asiutafune pamoja na mlo wake.

Basi habari ya sumu ilitoka wapi? Nadhani imetokana na kuchanganya ganda la tunda na gome la mti. Gome la mkomamanga, hasa la mizizi, lina kemikali za jamii nyingine kabisa, yaani alkaloidi. Mwaka 1878 mwanakemia Mfaransa Charles Tanret alizitenga, akaiita mojawapo peletierini kwa heshima ya Pierre-Joseph Pelletier, ambaye pamoja na Caventou walitenga kwinini mwaka 1820. Peletierini hulegeza tegu ili aachie ukuta wa utumbo, na kwa miaka mingi ilikuwa dawa katika hospitali za Ulaya. Lakini kiasi kikizidi, mgonjwa hupata kizunguzungu, kutapika, udhaifu wa misuli na ukungu wa macho. Onyo hilo ni la haki, ila linahusu gome. Anayechimba mizizi na kuichemsha nyumbani hana njia ya kupima alkaloidi iliyomo, na hapo ndipo penye hatari.

Utando unaostahili kutupwa ni ule uliogeuka kahawia au mweusi na kunuka uchachu. Kuna kuvu huingia wakati wa ua na kuozesha tunda kwa ndani, huku ganda la nje likionekana zima. Mtu asikate kipande kibaya na kula kilichobaki karibu yake.

Sasa mbegu. Ganda lake limejengwa kwa selulosi na lignini, vitu ambavyo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuvisaga. Mbegu iliyomezwa nzima hutoka nzima, na mafuta yaliyomo ndani humfaa tu yule aliyeitafuna. Haioti tumboni, na si kweli kwamba kila mbegu hutafuta kidole tumbo; ni nadra sana kwa mbegu ya tunda kuwa chanzo cha uvimbe wa kidole hicho. Mtu mzima mwenye afya akila komamanga moja na kumeza mbegu zote, hana la kuogopa.

Hali hubadilika kiasi kinapokuwa kikubwa. Tunda la gramu 300 hutoa takriban gramu 150 za punje, na ndani yake mna mbegu mia kadhaa. Tumchukue kijana anayekula matunda sita kwa mkupuo mmoja, hatafuni, na siku nzima ya jua kali hanywi maji. Mbegu zaidi ya elfu moja hufika mwisho wa utumbo mpana, maji hunyonywa, nazo hushikamana kama kokoto katika saruji. Madaktari wa Mashariki ya Kati wameeleza visa vya namna hiyo. Dalili zake ni maumivu, kujikamua bila kufaulu, na jambo moja la kupotosha: kinyesi cha majimaji hupenya kando ya donge na kutoka kidogo kidogo. Wazazi hudhani mtoto anahara. Wakimpa maji ya maganda ya komamanga, ambayo ni dawa ya kienyeji ya kuhara katika nchi nyingi, tanini huzidisha kufunga, na donge hubaki pale pale. Mtoto aliyekula mbegu nyingi, kisha akawa anatoa majimaji huku akijikamua kwa uchungu, apelekwe hospitali; donge huondolewa kwa mkono wa mtaalamu, wakati mwingine chini ya nusukaputi.

Waliofanyiwa upasuaji wa tumbo au wenye utumbo mwembamba kwa ugonjwa wateme mbegu hata zikiwa chache. Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe punje nzima, kwa sababu yaweza kuteleza katika koo la hewa. Akamuliwe maji yake katika kitambaa safi.