Picha ya Ankara Kwenye Simu: Saplaya Apate Ngapi, KRA Ipate Ngapi?

Saplaya wengi siku hizi hupiga picha ankara na kukutumia kwa simu. Programu ya kusoma picha itakutolea maandishi na tarakimu kwa sekunde chache. Lakini pesa unazopaswa kutuma mara nyingi si zile zilizoandikwa chini kabisa. Kama umelipia huduma ya kitaalamu, kuna kodi ya zuio: sehemu ya malipo unayomkata saplaya na kuipeleka KRA kwa niaba yake. Tuone jinsi ya kuitoa kwenye picha bila kumpunja mtu.

Tuseme umepewa ankara ya mchoraji wa ramani za majengo. Picha inaonyesha kazi KSh 85,000, VAT ya asilimia 16 KSh 13,600, na jumla KSh 98,600. Kwa mtaalamu mkazi wa Kenya, kodi ya zuio ni asilimia 5, nayo huhesabiwa kwa kiasi kabla ya VAT:

```
85,000 x 5%    = 4,250   (KRA)
98,600 - 4,250 = 94,350  (saplaya)
```

Ukikosea ukapiga asilimia 5 ya 98,600, utamkata 4,930. Hapo umemnyima saplaya KSh 680 ambazo ni haki yake.

Kabla ya kuamini hesabu hiyo, hakikisha picha imesomwa sawa. Karatasi ikiwa imekunjika au mwanga ni hafifu, 8 hugeuka 3 kwa urahisi. Tuseme programu imesoma 35,000 badala ya 85,000. Asilimia 16 ya 35,000 ni 5,600, lakini mstari wa VAT unasema 13,600. Hesabu zikikataa kulingana hivyo, usitume pesa. Fungua picha uangalie kwa macho, au skani alama ya QR iliyo kwenye ankara ya eTIMS, ulinganishe na kiasi kilichosajiliwa KRA. Kama saplaya hajasajiliwa kwa VAT, hutapata mstari huo wa kulinganisha, kwa hivyo QR ndiyo tegemeo lako.

Kuna mtego mwingine. Saplaya wengine hukata kodi wenyewe kwenye ankara: chini ya jumla wanaandika WHT 4,250, halafu kiasi cha kulipwa 94,350. Programu ikichukua namba ya mwisho kuwa ndiyo jumla, itakata tena 4,250 na kukuambia utume 90,100. Utaligundua hilo mapema ukijumlisha 85,000 na 13,600: unapata 98,600, si 94,350. Tofauti ikiwa ni kodi ya zuio kamili, jua imeshakatwa. Lakini hata kama saplaya ndiye aliyeiandika, kuipeleka KRA bado ni kazi yako.

Jambo ambalo picha moja haiwezi kukuambia ni jumla ya mwezi. Kodi hii huanza pale malipo ya mtaalamu mmoja yanapofika KSh 24,000 kwa mwezi. Akikuletea ankara ya 15,000 wiki ya kwanza na nyingine ya 15,000 wiki ya tatu, kila moja peke yake iko chini ya kiwango, lakini pamoja ni 30,000. Basi kodi ni 1,500 kwa zote mbili. Kwa hivyo panga ankara zako kwa PIN ya saplaya na mwezi, usiangalie picha mojamoja.

PIN yenyewe pia ichunguze. Huanza kwa herufi A au P, hufuatwa na tarakimu 9, kisha herufi moja ya mwisho. Ukiona herufi O au B katikati, programu imechanganya na 0 au 8. Ukiweka PIN ya mtu mwingine, cheti cha kodi kitaenda kwake, na saplaya wako hatakuwa na cha kuonyesha KRA wakati wa kufunga hesabu zake za mwaka.

Mwishoni una malipo mawili. Tuma 94,350 kwa saplaya. Kisha ingia iTax, jaza malipo ya kodi ya zuio, upate namba ya PRN, na ulipe 4,250 kwa Paybill 222222 ukiweka PRN kama namba ya akaunti. Muda ni siku 5 za kazi tangu ulipokata. Usipokata au usipoipeleka, KRA inaweza kukudai kodi hiyo wewe, kana kwamba ni yako.

Hifadhi picha ya ankara pamoja na ujumbe wa malipo yote mawili. Saplaya akiuliza mbona amepata 94,350, mwonyeshe hesabu, umwambie 4,250 zake ziko KRA kwa jina lake.