Mali Safi, Ni Kuwasha na Kuondoka

"IST namba D, mali safi, haina shida hata moja, kiyoyozi kinagandisha, kadi ipo, ni kuwasha na kuondoka. Bei maelewano."

Mtu yeyote aliyewahi kutafuta gari la mkononi Dar es Salaam amelisoma tangazo hili mara nyingi, likibadilika rangi ya gari tu. Ukiliangalia vizuri, lina jambo moja linalosaidia, nalo ni "namba D". Namba za magari binafsi ya Tanzania Bara huanza na T, zikafuata tarakimu tatu na herufi tatu. Herufi hizo hutolewa kwa mfuatano, kwa hiyo ya kwanza inaonyesha gari limesajiliwa nchini kabla au baada ya jingine: C zimetangulia D, na D zimetangulia E. Haisemi limetengenezwa lini. IST ya mwaka 2004 iliyokaa Japani miaka kumi na zaidi kabla ya kupakiwa melini inaweza kuvaa namba D na kumpumbaza anayehesabu herufi peke yake. Ndiyo maana muuzaji makini huandika mwaka wa kutengenezwa na namba D pamoja.

Mengine yote kwenye tangazo lile ni sifa ambazo mnunuzi hawezi kuzikagua. "Mali safi" unaikaguaje? Maelezo yenye faida ni yale ambayo mtu akifika na fundi wake anaweza kuyalinganisha na gari lililo mbele yake, moja baada ya jingine. Hata sheria inaliangalia jambo hili. Chini ya Sheria ya Uuzaji Bidhaa, Sura ya 214, kitu kilichouzwa kwa maelezo kinapaswa kulingana na maelezo hayo, na muuzaji anahesabika kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kukiuza.

Tuchukue gari moja la mfano tulifuatilie mpaka tangazo likamilike. Ni IST ya 2004, iliingia nchini 2016, imetumiwa na mtu mmoja kwenda kazini na kurudi. Tuanze na kilomita, kwa sababu hapo ndipo uongo ni rahisi zaidi. Mita ya kidijitali kwenye dashibodi hurudishwa nyuma na fundi mwenye kompyuta ndogo, au dashibodi nzima hubadilishwa ikawekwa ya gari jingine lililotembea kidogo. Kwa hiyo "kilomita 98,000 tu" ikisimama peke yake haimwambii mnunuzi kitu. Namba ya kilomita hupata nguvu inapokuwa na mwenzake wa zamani.

Mwenzake wa kwanza yuko kwenye cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani. Gari la kule hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima kila baada ya muda, na kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi huandikwa kwenye kumbukumbu zake. Cheti kinachotolewa gari linapoondoka nchini mwao huzionyesha. Watu wengi huliacha karatasi hilo kwa wakala wa forodha au hulitupa na bahasha yake, jambo la kusikitisha, kwa sababu ni shahidi asiyemjua muuzaji wala mnunuzi. Ukiwa nalo, piga picha. Ukiwa huna, fungua mlango wa dereva uangalie nguzo ya mlango, au funua boneti: mara nyingi gereji za Japani hubandika kibandiko cha kubadilisha oili chenye kilomita. Jua huwa limekifuta kidogo, ila tarakimu hazikatai kusomeka.

Tuseme cheti cha gari letu kinasema 78,000 na leo mita inasoma 163,400. Limetembea kilomita 85,400 katika miaka tisa hivi, yaani kama 9,500 kwa mwaka. Kwa mtu anayetoka Tabata kwenda Posta siku za kazi, hesabu hiyo inaingia akilini. Muuzaji asiyejua atataka kuificha 163,400. Mimi naona aiandike ilivyo, tena aweke na ile ya 2016 kando yake, maana mnunuzi anayeona namba mbili zinazoelewana anaacha kutafuta uongo, anaanza kutafuta bei. Na ikiwa dashibodi iliwahi kubadilishwa kwa ubovu wa kweli, hilo liandikwe pamoja na kilomita zilizosomwa siku hiyo.

Historia ya sevisi inategemea hesabu hiyohiyo. Wengi wetu hubadilisha oili ya injini kila kilomita 5,000, kwa hiyo gari hili lilipaswa kupata sevisi kama kumi na saba tangu lifike. Hakuna atakayekuwa na risiti zote hizo, na mnunuzi mwenye busara hatazidai. Zikipatikana tano za miaka tofauti, kila moja ina tarehe na kilomita, na kilomita zinapanda pamoja na tarehe, kazi imekwisha. Kadi ndogo za oili ambazo mafundi hufunga ndani ya boneti zinafaa pia. Zaidi ya oili, taja vitu vikubwa vilivyobadilishwa na lini: oili ya gia boksi, plagi, rejeta, betri, matairi. Tairi lina ushahidi wake ubavuni: tarakimu nne za mwisho za msimbo wake ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiandika "matairi mapya" na tarakimu hizo zikakukana, hata mengine uliyosema kweli yataanza kutiliwa shaka. Na usiahidi kwamba mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwenye IST ya aina hii. Injini yake hutumia mnyororo, na fundi wa mnunuzi anajua.

Sasa ubovu, sehemu ambayo wauzaji huiruka kwa woga. Gari letu lina mambo matatu. Linagonga mbele kushoto likipita kwenye matuta. Linakula oili kidogo. Na mlango wa nyuma kulia ulinyooshwa na kupigwa rangi baada ya kuguswa na bajaji. Dalali atakushauri unyamaze, fundi wa mnunuzi asipoona basi. Tatizo ni kwamba fundi huona. Akiingia chini akatikisa linki za stabilaiza, mnunuzi hakati bei ya linki. Anakata bei ya kila kitu anachoanza kukihofia, kuanzia shokapu mpaka stelingi reki. Ubovu uliotajwa na muuzaji hujadiliwa mara moja kwa bei yake halisi. Ulioibuliwa na fundi hujadiliwa kwa bei ya woga.

Namna ya kuutaja nayo ina maana. "Ina kashida kadogo ka mbele" ni mbaya kuliko kunyamaza, kwa sababu inaacha kila kitu kwenye mawazo ya msomaji. Sema unasikika wapi, lini, fundi amesema nini, na kitagharimu kiasi gani kwa makadirio yake. Kuhusu oili, toa kipimo: kati ya sevisi moja na nyingine huongezwa nusu lita. Injini kongwe kuongezewa nusu lita kwa kilomita 5,000 haishangazi mtu. Ingekuwa lita mbili, huyo mnunuzi anapaswa kujua anakaribia kufungua injini. Anayekuja kukagua atataka kuona moshi injini ikiwashwa ya baridi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea baada ya dakika chache ni maji tu, lakini moshi wa bluu ni oili inayoungua. Kwa hiyo usiliwashe gari kabla hajafika. Injini aliyoikuta ya moto itamfanya ajiulize unaficha nini, hata kama ulitoka tu kununua mkate.

Kuhusu mlango, andika kuwa ni mlango peke yake na nguzo hazikuguswa. Hilo linakaguliwa: boliti za mlango uliofunguliwa huwa na alama za spana kwenye rangi, na rangi ya kupuliziwa mtaani hujitofautisha juani ukiitazama kwa ubavu.

Karatasi nimeziacha nyuma kwa makusudi, maana hapa ndipo gari zima linaweza kuwa halina thamani. "Kadi ipo" inaficha hali tofauti kabisa. Kadi ya usajili inayotolewa na TRA inaweza kuwa na jina la anayeuza, na hapo kazi ni nyepesi. Inaweza kuwa na jina la mtu wa kwanza, huku gari limeshapita mikono mitatu kwa mikataba ya kuandikiana bila uhamisho kufanyika. Inaweza kuwa benki kwa sababu ya mkopo, na kilichopo mkononi ni nakala. Gari linaweza kuwa liliingizwa kwa msamaha wa kodi, na kodi hiyo hudaiwa likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha. Au mwenye jina amefariki, na anayeuza ni mtoto wake asiye na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Huyo, kwa upole wote, bado hana cha kuuza.

Ile hali ya mikono mitatu ndiyo ya kawaida kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa. Uhamisho unahitaji mwenye jina kwenye kadi aonekane, kwa saini yake na TIN yake. Kama alihamia Mwanza na kubadilisha simu, mnunuzi amenunua kazi ya upelelezi. Naye mwenye jina hayuko salama: faini za barabarani na maswali ya polisi baada ya ajali huanza kwake. Kwa hiyo tangazo liseme jina la kwenye kadi ni la nani, na kama si la muuzaji, mikataba ya katikati ipo mingapi na mwenye jina anapatikana au la. Faini za trafiki na madeni ya maegesho huangaliwa kwa namba ya gari. Yalipe kabla hujatangaza.

Gari letu basi litaandikwa hivi:

"Toyota IST ya 2004, injini cc 1,298, otomatiki, namba D. Iliingia nchini 2016 ikiwa na kilomita 78,000, cheti cha Japani kipo. Sasa inasoma 163,400. Risiti za sevisi zipo kuanzia 2018, oili ya mwisho ilibadilishwa kwenye 161,000. Inagonga mbele kushoto kwenye matuta: linki na bushi za stabilaiza, fundi kakadiria 90,000 na ufundi wake. Inaongezwa nusu lita ya oili kati ya sevisi. Mlango wa nyuma kulia ulinyooshwa na kupigwa rangi. Kadi halisi ninayo, jina ni langu, haina mkopo wala faini. Njoo na fundi, injini utaikuta ya baridi. Uhamisho tunaufanya pamoja."

Tarakimu za mwisho za chesisi na picha ya kadi usiviweke kwenye tangazo, kwani matapeli huvichukua na kuuza gari ambalo hawajawahi hata kulishika. Mwonyeshe aliyefika, naye alinganishe kadi na namba iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Kwa IST ya cc 1,298 inaanza na NCP60. Mkikubaliana, mkataba mbele ya wakili uandikwe tarehe pamoja na saa ya kukabidhiana funguo, maana kamera ya barabarani ikimpiga picha mnunuzi jioni hiyohiyo, faini itatoka kwa jina ambalo bado liko kwenye kadi.