Kipande cha Kiazi Ndani ya Maji ya Sukari

"Mwalimu, changu kimeingiza maji mengi kuliko chake."

Msemaji alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, na daftari lake lilikuwa na tarakimu mbili: gramu 5.42 kabla, gramu 6.31 baada. Kipande chake cha kiazi mviringo kilikuwa kimekaa saa moja na nusu ndani ya maji matupu na kimeongezeka gramu 0.89. Jirani yake wa mezani alikuwa amekata kipande kifupi zaidi, cha gramu 3.60, nacho kikatoka na gramu 4.19. Ongezeko lake ni gramu 0.59 tu. Vipande vyote viwili vilitoka kwenye kiazi kimoja na vililowekwa kwenye kikombe kimoja.

Niliwaomba kila mmoja achukue ongezeko lake, aligawe kwa uzito wa mwanzo, kisha azidishe kwa 100. Wa kwanza akapata asilimia 16.4. Wa pili naye akapata asilimia 16.4. Wakatazamana, wakarudia hesabu, jibu likabaki lile lile.

Hapo ndipo jaribio hili linapoeleweka. Kipande kirefu kina seli nyingi, na kila seli huingiza maji yake. Gramu 0.89 ni habari ya maji, lakini pia ni habari ya jinsi mtoto alivyoshika kisu. Asilimia huondoa habari ya kisu na kuacha ile ya maji. Kanuni yenyewe ni fupi:

(uzito wa mwisho − uzito wa mwanzo) ÷ uzito wa mwanzo × 100

Wengi hugawa kwa uzito wa mwisho kwa sababu ndio walioupima sasa hivi. Aliyefanya hivyo na kipande cha kwanza angepata asilimia 14.1, na hakuna kitu kwenye daftari kitakachomshtua. Kosa la pili ni kudondosha alama ya kutoa. Kipande kilichopungua lazima kiandikwe hasi, la sivyo grafu itasema kwamba kiazi kilijaa maji mahali kilipokauka.

Sasa tuandae jaribio zima. Chukua kiazi kimoja kikubwa, menya ganda lote, kata vipande vya urefu wa sentimita 5 na upana na unene wa sentimita 1. Ganda huondolewa kwa sababu limetengenezwa kuzuia maji; kipande kilichobaki na ganda upande mmoja kitachelewa kuliko wenzake. Kila kipande kitakuwa na gramu 5 na kitu hivi. Mizani ya jikoni inayohesabu gramu nzima nzima haifai hapa, kwa kuwa mabadiliko tunayoyatafuta yenyewe mara nyingi hayafiki gramu moja. Mizani ndogo ya aina wanayotumia masonara, inayosoma hadi gramu 0.01, inatosha kabisa.

Myeyusho wa sukari ndio unaowaponza wengi. Sukari ya dukani ni sukrosi, na mola moja yake ni gramu 342. Ukitaka mililita 100 za myeyusho wa mola 1 kwa lita, pima gramu 34.2 za sukari, itie kwenye chombo chenye alama, kisha ongeza maji mpaka yafike alama ya 100. Usimimine sukari hiyo ndani ya mililita 100 za maji yaliyokwisha kupimwa, maana sukari nayo inachukua nafasi: utapata takriban mililita 121, na ukolezi utashuka hadi karibu 0.82 huku wewe ukiandika 1. Kutoka kwenye myeyusho huo mkali unapata mingine kwa kupunguza makali. Mililita 20 zake na maji 80 zinakupa 0.2; mililita 40 na maji 60 zinakupa 0.4. Endelea hivyo hadi uwe na vikombe sita, cha kwanza kikiwa na maji matupu. Tia vipande vitatu katika kila kikombe, vyote vizame, uviache saa moja na nusu au mbili.

Kabla ya kupima tena, futa. Ninalisisitiza hili kuliko jambo lingine lolote la vitendo. Kipande cha ukubwa tuliotaja kina eneo la nje la sentimita 22 za mraba. Utando wa maji wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao jicho halijali, una uzito wa gramu 0.22. Hiyo ni asilimia 4 ya kipande kizima, na haikuingia kiazini hata kidogo. Kifute kwa karatasi laini pande zote bila kukikamua, na kabla ya kuloweka pia ulikifuta vivyo hivyo, kwa sababu kiazi kilichokatwa sasa hivi hutoa majimaji. Ukiona vipande vitatu vya kikombe kimoja vimetoa asilimia 16.1, 16.8 na 16.3, mikono yako ilikuwa sawa. Kimoja kikitoa 22, shuku maji yaliyobaki juu yake kabla ya kutafuta siri nyingine.

Tuchukue mfano wa matokeo, kila moja likiwa wastani wa vipande vitatu. Kwenye maji matupu, asilimia 16.4 chanya. Kwenye 0.2, wastani ulipanda kutoka gramu 5.38 hadi 5.66, yaani asilimia 5.2 chanya. Kwenye 0.4, ulishuka kutoka 5.45 hadi 5.06, asilimia 7.2 hasi. Kisha 16.1 hasi kwenye 0.6, 23.1 hasi kwenye 0.8, na 25.9 hasi kwenye 1.

Huhitaji mizani kujua kwamba kuna jambo limetokea. Kipande cha maji matupu ni kigumu, na ukikikunja kinakatika kwa mlio. Cha kikombe cha mwisho kinajipinda bila kuvunjika, kama karoti iliyosahaulika sokoni kwa wiki.

Kila seli ya kiazi imezungukwa na utando mwembamba unaopitisha maji kwa urahisi lakini unaizuia sukrosi. Maji hupita pande zote mbili muda wote. Nje kukiwa na maji matupu, yanayoingia ni mengi kuliko yanayotoka, kwa sababu ndani sehemu ya nafasi imechukuliwa na chembe zilizoyeyuka. Nje kukiwa na sukari nyingi, hali inageuka. Mwendo huo wa maji kupitia utando, kutoka mahali yenye uhuru zaidi kwenda mahali yenye uhuru mdogo, ndio osmosisi. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba "kiazi kilinyonya sukari" au "sukari ilivuta maji" hajaeleza kilichotokea. Kilichohama ni maji.

Mahali penye utamu wa jaribio hili ni pale mstari wa grafu unapokata sifuri. Katika mfano wetu unakata katikati ya 0.2 na 0.4, karibu na 0.28. Hapo kiazi hakiongezeki wala hakipungui. Maji hayajasimama; yanaingia na kutoka kwa kiasi kilekile. Ukolezi huo ni kama gramu 96 za sukari katika lita, au vijiko sita vya chai katika kikombe kimoja cha mililita 250. Chai ya namna hiyo wengi wangeisukuma mbali.

Msomaji ana haki ya kuuliza: mbona kiazi si kitamu hivyo? Jibu ni kwamba osmosisi haipimi utamu, inahesabu chembe. Ndani ya seli za kiazi kuna sukari kidogo, lakini kuna pia chumvichumvi za potasiamu, asidi mbalimbali na vijenzi vya protini vilivyoyeyuka. Wanga, ulio mwingi kuliko vyote hivyo, hauhesabiki sana hapa kwa kuwa umefungwa katika punje kubwa zisizoyeyuka. Ukijumlisha chembe zilizoyeyuka unapata idadi inayolingana na myeyusho wa sukari wa 0.28 hivi. Idadi hiyo iko karibu na ya damu yetu. Dripu ya chumvi ya hospitalini, yenye gramu 9 za chumvi katika lita, imepangwa ilingane na damu, na kipande cha kiazi ukikitia humo uzito wake hautabadilika sana.

Ila kuna tofauti moja kubwa. Chembe nyekundu ya damu ukiitia kwenye maji matupu huvimba hadi ikapasuka. Seli ya kiazi haipasuki, kwa sababu nje ya utando ina ukuta wa selulosi. Maji yanapoingia, seli inausukuma ukuta, nao unasukuma nyuma, mpaka msukumo huo unazuia maji mengine kuongezeka. Ndiyo maana kipande cha kwanza kiliishia kwenye asilimia 16 na kitu, na ndiyo maana kilikuwa kigumu.

Upande wa pili wa grafu pia mstari unalala. Kutoka 0.8 hadi 1 tumepoteza chini ya asilimia 3 tu. Seli ikishapoteza maji mengi, utando wake hubanduka kutoka kwenye ukuta, na kwa kuwa ukuta hauizuii sukari, maji ya sukari ya nje hujaza pengo. Mizani inapima kiazi pamoja na maji hayo ya kigeni, hivyo upungufu unaoonekana ni mdogo kuliko maji yaliyotoka kwenye seli zenyewe.

Kuna kiazi kitakachokupa jibu jingine kabisa bila wewe kukosea. Kiazi kilichokaa wiki kadhaa kwenye friji hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Chembe zilizoyeyuka zinaongezeka, na mstari utakata sifuri mbele zaidi. Kwa sababu hiyo vipande vyote hukatwa kutoka kiazi kimoja.

Wale wawili wa mwanzo hawakutaka kuondoka. Walichukua kipande kilichokuwa kwenye 0.6, kilichoshuka kutoka gramu 5.40 hadi 4.53, wakakitia kwenye maji matupu. Baada ya saa moja kilikuwa kigumu tena, na mizani ikasoma 5.30. Mmoja akasema kimeongezeka asilimia 17.0. Mwenzake akasema kimepungua asilimia 1.9. Safari hii hawakuniita. Walikwenda kusoma tena uzito wa mwanzo, kila mmoja akaandika kwenye daftari ni mwanzo upi aliougawia.