Namna ya Kupima Maoni ya Wafanyakazi Kabla ya Kukubali Ajira

Kijana wa Kisiba, wilayani Rungwe, anayepata ajira jijini Mbeya hulazimika kulipa nauli na kodi ya chumba kabla ya kupokea mshahara wa kwanza. Akibaini baada ya mwezi mmoja kwamba mazingira ya kazi ni mabaya, fedha hizo zimekwisha kupotea. Kwa sababu hiyo, waombaji wengi husoma kwanza maoni ya wafanyakazi kuhusu mwajiri, pamoja na wasifu wa kikazi ambao watumishi wake wameuweka hadharani.

Vyanzo hivyo vina kasoro. Aliyeondoka kwa hasira huwa mwepesi wa kuandika kuliko aliyeridhika, na aliyeko kazini huweza kuandika sifa kwa maelekezo ya mkuu wake. Wasifu nao huandikwa na mhusika mwenyewe, ilhali walinzi, madereva na vibarua wengi hawana wasifu wa namna hiyo.

Mathalani, mwombaji wa kazi ya uhasibu amekuta maoni 10 kuhusu kampuni fulani. Manne ni ya sifa, yameandikwa ndani ya wiki moja kwa maneno yanayofanana. Hayo yahesabiwe kuwa sauti moja. Matatu yanasema tu kwamba uongozi ni mbaya, bila kueleza tukio lolote. Matatu yaliyosalia, ya watu wa idara tofauti na miaka tofauti, yanadai kwamba saa za ziada hazilipwi. Hayo ndiyo yenye uzito, kwa kuwa yanataja jambo moja mahususi linaloweza kuthibitishwa.

Katika wasifu, mwombaji huyo anaona wahasibu watano waliopita, wanne kati yao wakiwa wameondoka kabla ya mwaka kutimia. Kabla ya kuhitimisha kwamba walikimbia, achunguze tarehe na aina ya ajira. Ikiwa wawili walikuwa katika mafunzo kazini, wanabaki wawili tu. Ikiwa wote waliondoka mwezi mmoja, huenda mradi ulikuwa umefikia ukomo.

Hatua inayofuata ni kulinganisha dai na nyaraka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Sheria hiyo pia inamtaka mwajiri kumpatia mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi yanayotaja saa za kazi na ujira. Mwombaji aombe kuyaona kabla ya kusaini, na aulize saa za ziada huandikwa wapi na huidhinishwa na nani. Mfanyakazi wa zamani naye aulizwe alichokiona katika hati yake ya mshahara, si anavyomchukulia mwajiri.

Hukumu za Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, zinazopatikana katika TanzLII, huonesha madai yaliyothibitishwa. Hata hivyo, kukosekana kwa hukumu dhidi ya mwajiri si ushahidi kwamba hana kasoro, kwani wafanyakazi wengi huondoka bila kufungua shauri.