Oili ya Giaboksi ya Otomatiki: Joto Kwanza, Kipimo Baadaye

Oili ya injini tumezoea kuipima gari likiwa limezimwa. Giaboksi ya otomatiki haikubali kupimwa hivyo, na gari nyingi hurudi gereji kwa sababu fundi alitumia mazoea ya injini pale.

Injini inapounguruma, pampu ya giaboksi huivuta oili kutoka kwenye sampu na kuisukuma hadi kwenye konveta, vali na mabomba ya kupozea. Ukizima, sehemu ya oili hiyo hushuka tena kwenye sampu na kipimo hupanda. Isitoshe, oili ikipata moto hutanuka. Kwa hiyo giaboksi ileile, bila kuongezwa wala kupunguzwa hata tone, inaweza kuonekana imejaa kupita kiasi au imepungua, kutegemea saa uliyoipima.

Toyota za zamani zenye dipstiki hupimwa baada ya kuendeshwa mpaka oili ifike nyuzi 70 hadi 80. Simamisha gari mahali tambarare, injini iendelee kuunguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia taratibu katika nafasi zote, urudi P, ili oili ijaze njia zake zote. Chomoa dipstiki, ifute, irudishe, kisha isome upande ulioandikwa HOT. Usidhani kila gari ni hivyo. Mitsubishi nyingi husomwa zikiwa N, na Honda nyingi husomwa mara tu baada ya kuzimwa zikiwa moto. Kitabu cha gari ndicho kinachoamua.

Tatizo ni gari zisizo na dipstiki, kama Toyota Mark X iliyojaa katika barabara zetu. Watu huziita giaboksi zilizofungwa, wakaamini kwamba haziguswi kamwe. Ukweli ni kwamba zina tundu la kupumulia, zina sili zinazochakaa, na zinaweza kuvuja. Kilichoondolewa ni dipstiki tu. Chini ya sampu kuna nati, na ndani ya tundu lake kimesimama kibomba kifupi. Urefu wa kibomba hicho ndio kipimo chenyewe: oili iliyozidi ncha yake humwagika nje, iliyo chini yake hubaki.

Lakini kibomba husema kweli katika joto moja tu. Kwa giaboksi ya Mark X ni karibu nyuzi 40, yaani vuguvugu, mbali na joto la safarini. Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Mteja amekuja na gari kupitia foleni na jua la mchana, giaboksi imeshapita nyuzi 80. Fundi anafungua nati, oili inatiririka, anasema ilikuwa imezidi. Haikuzidi, ilikuwa imetanuka. Akifunga inapoacha kutiririka, ameiacha giaboksi na upungufu. Kosa la pili ni kinyume chake: oili ikiwa baridi kabisa, fundi anaongeza mpaka imwagike, na ikishapata moto inazidi.

Gari hilo basi liachwe lipoe kwanza. Linyanyuliwe pande zote nne sawasawa. Ukiinua mbele peke yake oili hukimbilia nyuma na kibomba hudanganya. Likae juu ya stendi imara, maana mtu atakuwa chini yake injini ikiunguruma. Unganisha mashine ya kusomea kompyuta ya gari, ufungue ukurasa wa joto la oili ya giaboksi. Washa injini, pitisha gia zote, rudi P, ungoje. Joto likifika mahali pake, fungua nati. Oili ikitoka kwa wingi, iache mpaka ibaki ikidondoka, ufunge. Isipotoka kitu, ongeza kidogo kidogo kupitia tundu la kujazia lililo ubavuni mpaka ianze kudondoka, ukiangalia joto lisipande kupita kiwango. Likipita, zima, uanze upya. Oili ya kuongeza iwe ileile iliyoandikwa kwa giaboksi hiyo; nyingi za aina hii hutumia ATF WS, na ni nyepesi kuliko oili za zamani.

Oili ikipungua, pampu huvuta hewa. Utaona gari linachelewa kushika unapoingiza D, au kwenye mlima injini inapiga kelele bila mwendo kuongezeka. Ikizidi, gia zinazozunguka huipiga mpaka itoe povu, na povu halibebi presha. Dalili za mwisho hufanana na za upungufu, ndiyo maana kuongeza kwa kubahatisha huzidisha maradhi.

Giaboksi haichomi oili kama injini. Ikiwa imepungua, imetoka mahali. Kabla ya kurudisha gari barabarani, mulika tochi kwenye gasketi ya sampu, sili za shafti, na maungio ya mabomba yanayokwenda kwenye rejeta.