Kingo za Barafu ya Kibo na Picha Iliyotapakaa

Barafu ya Kibo, ambayo mkazi wa Moshi huiona mawingu yanapofunguka asubuhi, imepimwa mara nyingi. Mwaka 1912 ilienea katika eneo la kilometa za mraba 12 hivi. Picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 2000 zilionyesha kuwa imebaki chini ya robo ya eneo hilo. Vipimo vya namna hii hutegemea kujua ni wapi katika picha jiwe linapokoma na barafu inapoanza. Mpaka huo ukitapakaa, kipimo nacho huyumba.

Ndege iendayo kilometa 180 kwa saa husogea mita 50 katika sekunde moja. Kamera ikiachwa wazi kwa sehemu ya 50 ya sekunde, ndege itakuwa imesogea mita 1 kabla haijafungwa. Tuseme kila doa la picha lina upana wa nusu mita ardhini. Kwa kukadiria, thamani ya kila doa sasa ni wastani wa madoa mawili jirani. Tuchukue mstari wa madoa utokao kwenye jiwe, lenye mng'ao wa 20, kuingia kwenye barafu yenye mng'ao wa 100:

20, 20, 20, 100, 100, 100

Kuanzia doa la pili picha itaonyesha 20, 20, 60, 100, 100. Hiyo 60 ndiyo kingo iliyotapakaa.

Je, twaweza kuirudisha? Ikiwa doa la kwanza lajulikana kuwa 20, kazi ni nyepesi: zidisha kwa 2 thamani iliyoonekana, kisha toa thamani ya doa lililotangulia ambalo limekwisha kurudishwa. Msomaji akijaribu atapata mstari wa asili bila kasoro. Hili ndilo chujio kinyume, na katika karatasi halina dosari.

Lakini kila picha ina kelele. Mafundi huziita hivyo ingawa hazina sauti: ni mabadiliko madogo ya bahati nasibu yatokanayo na chembechembe za filamu au na umeme wa kamera. Tuseme doa moja tu limeongezewa 3, hata picha ikasomeka 20, 23, 60, 100, 100. Chujio lile lile sasa latoa 20, 26, 94, 106, 94. Kosa la 3 limekuwa 6, na halikufa. Linaruka kutoka doa hadi doa, mara juu, mara chini. Ikiwa kila doa lina kelele yake ya kadiri ya 3, makosa hujumlika, na baada ya madoa 100 kadiri ya kosa hufikia 60. Tofauti ya jiwe na barafu ni 80 tu! Mtu aonaye mistari myembamba ya kupishana ikizidi kukolea upande mmoja wa picha na ajue kwamba anatazama kelele, si nyufa za barafu.

Sababu yake ni hii. Picha yoyote yaweza kuhesabiwa kuwa jumla ya michoro ya mistari, minene na myembamba. Mwendo wa ndege hupunguza kila mchoro kwa kipimo chake, tukiite H. Mchoro ujirudiao kila madoa 7 hubaki na sehemu 0.9 ya nguvu zake. Mchoro wa 20, 100, 20, 100 huwa 60 tupu: H yake ni sifuri. Chujio kinyume hugawanya kwa H. Penye 0.05 hukuza mara 20, na kinachokuzwa hapo karibu chote ni kelele, kwa kuwa kelele iliingia baada ya kutapakaa, nayo haikupunguzwa.

Norbert Wiener, mwanahisabati wa Amerika ambaye kitabu chake juu ya jambo hili kilitolewa kwa umma mwaka 1949, aliuliza swali jingine: ni chujio gani litakalofanya wastani wa kipeo cha pili cha makosa uwe mdogo kabisa? Kwa mfano wetu jibu ni

W = H / (H² + K)

ambapo K ni nguvu ya kelele ikigawanywa kwa nguvu ya picha yenyewe. Tuchukue K = 0.01. Penye H = 0.9, W ni 1.10, karibu sawa na 1.11 ya chujio kinyume. Penye 0.05, W ni 4 badala ya 20. Penye sifuri, W ni sifuri: chujio halithubutu kubuni kisichokuwapo.

Tabu iko katika K, ambayo kwa kweli hutofautiana mchoro kwa mchoro. Kelele hukadiriwa katika sehemu ya picha iliyo sare, kama theluji laini isiyo na mikunjo, kwa kupima jinsi madoa yanavyotofautiana. K ikiwekwa ndogo mno, mistari ya kupishana hurudi. Ikiwa kubwa mno, picha hubaki imetapakaa. Hata ikiwa sahihi, kingo ya barafu haitakatika kama kwa wembe, maana michoro myembamba iliyoangamizwa na mwendo haimo tena katika picha, na mpimaji hana budi kuandika kando ya eneo alilolipata ni madoa mangapi ya shaka yaliyobaki mpakani.